TSI imenipita, nimefeli?

"Wakuu, Januari nilikuwa na milioni 10: 6 hisa za DSE, 4 hati fungani ya 12%. Desemba nina 11.4, gawio na riba ndani. TSI, fahirisi ya hisa za kampuni za Tanzania, imepanda 20%. Nimefeli?"

Mkuu, TSI pekee inakuonea, kwa sababu milioni 4 zako hazikuwa kwenye hisa. Changanya kipimo kama ulivyochanganya pesa: 20% ya milioni 6 ni 1,200,000, na 12% ya milioni 4 ni 480,000. Jumla 1,680,000. Wewe umepata 1,400,000.

Sasa toa makato. Kama kamisheni ya dalali uliilipa kwa simu, nje ya akaunti, haimo kwenye hesabu yako. Ikiwa ni 90,000, umebaki na 1,310,000: umeachwa kwa 370,000. Na hapo umebebwa kidogo, maana TSI inapima bei tu, gawio haihesabu, ilhali wewe umeliweka ndani.

TSI umechagua vizuri kama hisa zako ni za kampuni za hapa. DSEI, fahirisi ya hisa zote za DSE, ina kampuni za Kenya pia, usiikimbilie kwa kuwa tu imepanda kidogo kuliko TSI.

Mwaka mmoja lakini ni mfupi. Rudia hesabu hii hii Desemba ijayo, kwa kipimo kilekile.