Kusoma grafu ya OTDR: kukatika, kukunjwa na konekta chafu

Vijana mnaoingia kwenye kazi ya faiba, OTDR, ile mashine inayotuma mwanga kwenye faiba na kuchora grafu ya mwanga unaorudi, mnayoipata kazini ina kitufe cha kupima yenyewe na mwisho inatoa jedwali zuri la matukio, na wengi wanasoma jedwali tu halafu wanapanda gari. Nawaomba msome grafu yenyewe. Jedwali linakisia, grafu ndiyo imeona.

Kwanza kabisa, kabla hujachomeka chochote hakikisha kwa pawamita kwamba hiyo kori, yaani uzi mmoja wa faiba ndani ya kebo, haina mwanga wa mtu. Ikiwa na trafiki usipige kwa mwanga wa nanomita 1310 wala 1550, utamvuruga mteja na unaweza kuua mashine yako mwenyewe, hapo unatumia 1625 au 1650 yenye filta. Pia weka lonchi kebo, kipande cha faiba kati ya mashine na laini unayopima, mimi natumia ya mita 500, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye mlango wa mashine unaipofusha OTDR kwa muda na bila lonchi konekta yako ya kwanza kwenye ODF, ile fremu ya konekta kituoni, inapotelea humo humo, huioni kabisa.

Sasa tuchukue laini moja ya mfano ili tuende pamoja. Kebo yenye kilomita 16.2 za faiba kati ya vituo viwili, kori zote zimekufa, pembeni ya barabara kuna mkandarasi anachimba mtaro. Nimepiga kwa 1550, palsi ya 100 ns, nimeiacha iwastanishe kama dakika moja. Palsi ndefu inafika mbali ila inaunganisha matukio yaliyo karibu, ya 100 ns inachukua kama mita 10 za faiba kwa hiyo kwa umbali huu inatosha, usikimbilie 1 µs eti upate grafu laini. Nikitoa lonchi, mstari unashuka taratibu kama 0.2 dB kwa kila kilomita, kuna kangazi kadogo kilomita 4.03, kengine 8.10, halafu kwenye 11.64 mstari unadondoka mpaka kwenye kelele na haurudi. Hapo imekatika. Wengine wanasubiri waone mwiba mrefu ndio waamini, lakini mwiba unatokea faiba ikivunjika safi, ikisagwa au ikizama kwenye matope mara nyingi hakuna mwiba, inadondoka tu kimya kimya.

Tatizo ni kwamba ile 11.64 ni urefu wa faiba, sio urefu wa barabara. Ndani ya kebo faiba zimezungushwa kwa hiyo ni ndefu kuliko kebo, halafu kwenye jointi na manholi kuna kebo ya ziada imekunjwa. Anayepima kilomita 11.64 kwa gari kuanzia kituoni anachimba mahali ambapo kebo ni nzima. Unachofanya, unaanzia kwenye tukio la karibu ambalo unajua liko wapi chini. Kwetu hapa ni jointi ya pili, ile ya 8.10, ambayo ramani ya ujenzi inasema iko manholi ya mbele ya kituo cha mafuta. Kutoka pale mpaka kukatika ni mita 3,540 za faiba. Ramani hiyohiyo inaonyesha kutoka jointi ya kwanza hadi ya pili kebo ni mita 4,030 kwa namba zilizochapwa kwenye ganda lake, na OTDR inasoma 4,070, maana yake faiba imezidi kebo kwa kama asilimia moja. Basi 3,540 gawa kwa 1.01 unapata kama 3,505 za kebo. Toa mita 15 zilizokunjwa kwenye jointi upande wa kuendelea, toa mita 20 mara mbili za manholi mbili za njiani, inabaki mita 3,450. Hizo ndizo unatembea nazo kutoka kituo cha mafuta. Ukijumlisha na mikunjo yote ya huko nyuma, yule aliyepima kuanzia kituoni kwa namba ya mashine amepitiliza zaidi ya mita 300.

Na angalia IOR kwenye mipangilio kabla ya yote, hiyo ndiyo namba inayoiambia mashine mwanga unapungua kasi kiasi gani ndani ya faiba. Faiba za kawaida za G.652 kwa 1550 ni kama 1.468, mtu akiacha 1.4600 kwenye mashine basi kwenye umbali huu tu umeongezewa kama mita 65 za bure.

Kitu kingine, kori zikionyesha umbali tofauti, moja 11.64 nyingine 11.61, ujue katapila limevuta kebo, faiba zimekatika ndani sehemu mbalimbali. Mwombe mwenzako wa upande wa pili apige naye. Akipata 4.51 na wewe 11.64 jumla ni 16.15 wakati laini ni 16.2, kuna mita kama 50 katikati zimeharibika kwa hiyo jiandae na jointi mbili na kipande kipya, jointi moja haitatosha.

Haya, kebo imeungwa, unapiga tena, na ndipo watu wanapojichanganya. Kori ya saba ina ngazi ya 0.9 dB kwenye jointi mpya na haina mwiba. Fundi wa splaisi, yule anayeunga faiba, analaumiwa, anakata anaunga upya, bado. Kabla ya kukata chochote piga tena kwa 1310: kama nayo inasoma karibu 0.9 basi splaisi ni mbaya kweli, ila kama inasoma 0.1 hivi hapo faiba imekunjwa, maana 1550 inavuja kwenye kona kali kuliko 1310, na 1625 inavuja zaidi. Kwetu ilisoma 0.1, tukafungua trei tukakuta faiba imebanwa na kifuniko, imejikunja kiduara kidogo kama kizibo cha soda. Ukiilaza vizuri tatizo limeisha bila splaisi.

Konekta chafu yenyewe ina mwiba NA ngazi kwa pamoja. Konekta safi ya UPC inarudisha mwanga kidogo sana, kama -50 dB au chini zaidi, kwa hiyo ukiona ya kwanza kwenye ODF inasoma -32 na imepoteza 1.3 dB, toa, angalia kwa darubini, safisha, piga upya, na safisha na mlango wa OTDR maana ndio unaochafua wengine. Ukiwa na mwiba mkali kwenye mita 500 pale lonchi inapoishia, unaweza kuona mwingine kwenye 1,000 kamili ambapo hakuna konekta yoyote. Huo ni mzimu, mwanga umegonga mlango wa mashine ukaenda safari ya pili. Mstari kabla na baada yake uko sawa, haujashuka, na ukibadilisha lonchi ya urefu mwingine unahama.

Konekta ya mwisho kule mbali hutaijua kwa mtindo huu, unaona mwiba wake lakini hakuna mstari baada yake wa kupima imepoteza kiasi gani, kwa hiyo mwenzako achomeke kebo nyingine ya mita 500 upande wake kabla hamjasaini ripoti.