Monita ya 144 Hz: MPRT inatia giza na mpira unaonekana miwili

"Wakuu, nina kibanda cha gemu hapa Ngamiani, Tanga. Nimewasha MPRT kwenye monita ya 144 Hz ili mpira usiache ukungu ukikimbia. Sasa kioo giza, na mpira naona miwili, mara mitatu. Gemu inatoa fremu 60. Monita mbovu?"

Monita nzima, mkuu. Ukiwasha MPRT, taa ya nyuma haiwaki muda wote, inamweka mara moja kwa kila mzunguko wa kioo. Kioo chako kinazunguka mara 144 kwa sekunde na gemu inaleta fremu 60 tu, kwa hiyo fremu ileile inamulikwa mara mbili, nyingine mara tatu. Jicho linaufuata mpira bila kusimama. Mmuliko wa pili unalikuta limeshasogea, nawe unaona mpira mwingine pembeni.

Dawa ni mmuliko mmoja kwa fremu moja. Weka kioo 120 Hz, ondoa kikomo cha fremu kwenye gemu, kisha punguza vivuli na ubora wa nyasi mpaka kadi ishike fremu 120 bila kushuka. Washa V-Sync. FreeSync izime, maana kwenye monita nyingi ikiwa imewashwa MPRT haichaguliki. Kama gemu imefungiwa 60, zima MPRT uachane nayo. Ukungu kidogo ni afadhali kuliko mipira miwili.

Faida ya MPRT ni hii: mpira unaovuka pikseli 960 kwa sekunde, kwa fremu 120 za kawaida, unaacha ukungu wa pikseli 8. Taa ikimweka milisekunde 2 tu, unabaki pikseli 2 hivi.

Giza nalo ndiyo bei yenyewe. Fremu moja hukaa milisekunde 8.3, taa ikiwaka 2 kati ya hizo, umebaki na karibu robo ya mwanga. Kioo cha niti 300 kinakuwa kama cha 75, labda kiwanda kiwe kimeongeza nguvu ya taa wakati wa kumweka. Mchana, mlango wazi na jua la Tanga, hapo huoni kitu. Geuza monita kioo kisitazame mlango, na uiweke mbali nao. Kama menyu ina "Pulse Width", ongeza: mwanga unapanda, ukungu nao unarudi kwa kiasi kilekile.

Ukishapata 120 kwa 120, fungua testufo.com uangalie juu, katikati na chini ya kioo. Katikati pakiwa safi na chini pana kivuli, si fremu tena: kioo huandikwa kutoka juu kwenda chini, na pikseli za chini hazijamaliza kugeuka taa inapomweka. Jaribu 100 Hz, fremu 100. Kwenye monita nyingi kivuli kinapungua, ila wenye macho mepesi wataanza kulalamika kioo kinapepesa.