Mzee Akiugua Nani Atasaini? Sehemu ya Kurithishana Kwenye Mpango wa Duka Letu

Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Buguruni. Nondo, saruji, bati, rangi, na vikorokoro vyote vinavyomrudisha fundi mara tatu kwa siku. Tulipoandika mpango wa biashara ili tuombe mkopo, afisa mikopo aliruka kurasa zote za soko na mauzo, akauliza swali moja: mzee akiugua, nani anasaini? Mimi ndiye ninayetunza vitabu, kwa hiyo sehemu hiyo ilinidondokea. Naandika tulivyoipanga, kwa ajili ya familia zenye duka la namna hii.

Anza kwa kuangalia kila kitu kimeandikwa jina la nani. Kwetu leseni, TIN, akaunti ya benki, mkataba wa frem na Lipa Namba vyote vilikuwa vya Mzee binafsi. Jina la biashara tulilolisajili BRELA halikubadili chochote, kwa sababu kusajili jina hakulitenganishi duka na mwenye duka. Mzee akifariki, shehena iliyoko dukani inaingia kwenye mirathi pamoja na nyumba, na benki inazuia akaunti mpaka mahakama iteue msimamizi. Wakati huo saruji inaganda na wadai wanapiga simu.

Ndiyo maana tuliunda kampuni. Leseni na TIN vikatoka upya kwa jina la kampuni, na mwenye frem akasaini mkataba mpya. Kampuni haifuti mirathi, maana hisa za marehemu bado zitagawiwa warithi. Inachofanya ni kuliacha duka liendelee kununua na kuuza wakati ndugu wanasubiri mahakama, mradi awepo mkurugenzi wa pili mwenye saini benki. Kwetu ni dada, ambaye ameshika kaunta tangu amalize chuo.

Hisa ndizo zilizotuchosha. Mzee alitaka dada apate asilimia 25, mimi na mdogo wetu 10 kila mmoja, Mama 15, yeye abaki na 40. Hoja yake ilikuwa wazi: dada ndiye anayelala na kuamka na duka. Lakini sisi ni Waislamu, na shehe aliyemwendea alimuuliza kwa upole kwa nini anawapa watoto zawadi zisizolingana. Akamkumbusha pia kwamba hiba haikamiliki mpaka aliyepewa akabidhiwe. Karatasi iliyofungiwa kabatini haitoshi.

Tulitoka hapo na mpango ambao naona ni bora kuliko ule wa kwanza. Kila mtoto alipewa hisa 10 kwa mia kama hiba, zikahamishwa kwa jina lake Mzee akiwa hai. Safari hiyo inaanzia TRA kwa makadirio ya kodi, ndipo BRELA wanasajili. Zile 15 za ziada dada anazinunua kwa Mzee kidogo kidogo. Hakuna atakayesema kesho kwamba alipendelewa, kwa kuwa risiti zipo.

Sasa bei yake ni ipi? Hapa ndipo ndugu wengi hugombana, kwa sababu bei huanza kutafutwa siku ambayo mtu tayari ana hasira. Sisi tuliandika kanuni mapema. Mali dukani inahesabiwa kwa bei ya kununulia, na iliyooza au kupitwa na wakati inatolewa. Deni la mteja lililozidi miezi sita ni sifuri. Mwisho tunatoa tunachodaiwa. Hesabu ya kwanza ilikuwa hivi: mali milioni 160, madeni ya wateja milioni 50 lakini 20 kati yake yamekufa, fedha taslimu milioni 10, tunadaiwa milioni 60. Duka likabaki na thamani ya milioni 140, na hisa 15 kwa mia zikawa milioni 21. Kilemba cha frem tulikiacha nje makusudi. Mdogo wangu hakukubaliana, na ana hoja, maana frem ya barabarani Buguruni ina thamani yake. Ila kilemba ni cha kukisia, na kitu cha kukisia ndicho kinachozaa kesi. Kanuni hiyo hiyo itatumika siku mmoja wetu akitaka kutoka: anawauzia ndugu kwanza, analipwa kwa awamu ndani ya miaka miwili, ili duka lisikamuliwe kwa siku moja.

Mshahara tuliutenga kabisa na umiliki. Dada analipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi kwa sababu anafanya kazi ya meneja, na angelipwa hivyo hata asingekuwa na hisa. Baada ya mshahara na kodi ya kampuni ya asilimia 30, nusu ya faida inarudi kwenye mzigo, nusu inagawiwa kwa hisa. Mwaka ambao faida kabla ya kodi ni milioni 40, zinabaki 28 baada ya kodi, 14 zinagawiwa, na mimi mwenye hisa 10 napata 1,400,000 kabla ya kukatwa kodi ya zuio. Si nyingi. Lakini sina haki ya kupita dukani kuchukua ndoo ya rangi "ya nyumbani", na kifungu hicho kimeandikwa kwa herufi kubwa.

Kukabidhi madaraka kulihitaji subira kuliko makaratasi. Mtaji mkubwa wa duka letu ni mali kauli: wauzaji wa jumla wa Gerezani wanampa Mzee mzigo kwa neno lake tu. Neno hilo halihamishiki BRELA. Mzee alimchukua dada, wakapita kwa kila muuzaji, na kuanzia hapo oda ikatoka kwa saini ya dada pekee. Waliomzoea Mzee walimpa mzigo wa milioni 5 kwanza. Alipolipa siku aliyoahidi wakapandisha hadi 15. Mmoja alikataa kabisa bila dhamana ya Mzee, tukamwacha.

Dalili ya kwamba makabidhiano hayajafanyika ni rahisi kuiona: kuna bei mbili. Mkandarasi akinyimwa punguzo kaunta, anampigia Mzee simu, na dakika mbili baadaye anarudi akicheka. Tuliandika kwamba Mzee hapangi bei tena. Yeye anabaki na mambo manne ambayo hayafanyiki bila saini yake: kukopa zaidi ya milioni 20, kuuza au kununua kiwanja, kufungua tawi, kuingiza mwanahisa mpya. Akipigiwa simu ya punguzo anajibu, "Muulize meneja." Miezi ya mwanzo ilimuuma, na dada naye aliumia kila alipomkatalia rafiki wa babake.

La mwisho ni baba mdogo. Alichangia fedha duka lilipofunguliwa, na hakuna aliyeandika kama ulikuwa mkopo, msaada au ubia. Watoto wake wangekuja kuuliza baada ya mazishi, na majibu yasingekuwepo. Mzee alimwita, wakazungumza wenyewe wawili, wakakubaliana ni deni la milioni 12, kwa thamani ya leo. Analipwa laki tano kila mwezi kwa miezi 24, na wanawe wakubwa wawili wamesaini kama mashahidi.