“Hakuna” iandikwe baada ya orodha kusomwa

Swali: Natengeneza ukurasa wa kuidhinisha maombi ya likizo. Pasipo na ombi unaandika “Hakuna maombi yaliyopatikana”. Juzi seva ilikuwa haifikiki, ukurasa ukaandika hivyohivyo, na wasimamizi wakadhani kazi imekwisha. Niandikeje ili hali hizi zisifanane?

Jibu: Anza kwa kuliondoa neno “yaliyopatikana”. Linabeba maana mbili kwa pamoja: kwamba maombi hayapo, na kwamba yapo ila aliyeyatafuta hakuyafikia. Simu ikikuambia namba haipatikani, huelewi kuwa namba hiyo haipo duniani. Unaelewa kuwa haikufikiwa. Msimamizi anayesoma ukurasa wako hana njia ya kujua ni maana ipi kati ya hizo mbili.

Ukiandika “Hakuna maombi yanayosubiri”, umetoa kauli ya uhakika, na mwenye haki ya kuitoa ni aliyeisoma orodha mpaka mwisho. Seva isipojibu, ukurasa haujui chochote kuhusu maombi. Kinachoweza kukanushwa hapo ni kitendo cha kusoma, kwa hiyo orodha ndiyo iwe kiima:

“Orodha haikusomwa: seva haikujibu ndani ya sekunde 30. Haijulikani kama kuna maombi yanayosubiri.”

Sentensi ya pili usiifute kwa kutafuta ufupi, maana ndiyo inayomzuia msimamizi kufunga kompyuta na kuondoka. “Samahani, hitilafu imetokea” haimwambii lolote kuhusu maombi, na akiona nafasi tupu chini yake atajijazia mwenyewe.

Angalia pia kikanushi cha wakati. “Orodha haijasomwa” humfanya msomaji atarajie kuwa itasomwa, hivyo inafaa wakati ukurasa bado unajaribu. Majaribio yakiisha, andika “haikusomwa”. Ukiiacha “haijasomwa” baada ya kushindwa, atakaa akingoja kitu kisichokuja. Na “hamna” uiepuke kabisa katika maandishi ya aina hii, kwa sababu “hamna maombi” husomeka pia kama “ninyi hamna maombi”.

Maneno mazuri hayatasaidia kama programu imekwisha kuzichanganya hali hizo kabla ya kufika kwenye sentensi. Mara nyingi kosa huwa hapa:

```python
try:
    maombi = soma_orodha()
except Exception:
    maombi = []
```

Mstari wa mwisho unageuza kushindwa kuwa orodha tupu. Weka `None` badala ya `[]`, kisha uliza `if maombi is None` kabla ya kupima kama orodha ni tupu. Ukiuliza `if not maombi` peke yake, Python huzihesabu zote mbili kuwa sawa, na unarudi ulikotoka.

Swali linalotumwa kwenye hifadhidata likiwa na kosa la wazi, kwa mfano limetaja safu isiyokuwepo, hifadhidata hulikataa, nawe utaandika “Orodha haikusomwa” pamoja na sababu hiyo. Gumu zaidi ni swali lililo sahihi kimuundo lakini linatafuta kisichoandikwa popote. Hapo upatanisho wa ngeli wenyewe huleta balaa. Aliyeingiza data alifikiria ombi, akaandika `linasubiri`. Aliyeandika swali alifikiria likizo, akaandika:

```sql
SELECT * FROM maombi WHERE hali = 'inasubiri';
```

Jibu ni safu mlalo 0, bila kosa lolote kuripotiwa. Seva imejibu, orodha imesomwa, na ukurasa utatangaza “hakuna” kwa ujasiri wote.

Dawa ni kuifanya sentensi ya mafanikio itaje ilichokiona: “Yamesomwa maombi 148: yaliyoidhinishwa 131, yaliyokataliwa 11, yanayosubiri hakuna.” Jumlisha: 131 na 11 ni 142. Maombi 6 hayamo popote, na hayo ndiyo yaliyoandikwa `linasubiri`. Usimwachie msimamizi hesabu hiyo. Programu ijumlishe yenyewe, na jumla isipolingana, iandike “Maombi 6 yana hali isiyotambulika” mahali pa “hakuna”. Kuyaona maneno yaliyomo kweli, tumia:

```sql
SELECT hali, COUNT(*) FROM maombi GROUP BY hali;
```

Ndani ya hifadhidata yenyewe, andika hali kwa kitenzi-jina: `kusubiri`, `kuidhinishwa`, `kukataliwa`. Umbo hilo halibadiliki, awe mwandishi anafikiria ombi, likizo au mfanyakazi. Upatanisho uuweke kwenye sentensi ya ukurasani tu, ambako msomaji anauhitaji.