Nani anaamua lori liingie? Jedwali la majukumu lilivyotuliza ugomvi wa getini

Msimu wa alizeti ukichanganya huku Dodoma, kwenye mwezi wa tano wa sita hivi, malori ya Kongwa, Manyoni na Ikungi yanajipanga getini tangu alfajiri. Mimi niko upande wa uendeshaji kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, na nawaambieni ugomvi mkubwa wa msimu unatokana na lori moja tu ambalo halijulikani liingie au lirudi, wala siyo mashine wala umeme.

Iko hivi. Fuso inaingia na tani kumi, binti wa ubora anachukua sampuli, kipima unyevu kinasoma asilimia 12 wakati kiwango chetu ni 9. Yeye anasema hapana. Jamaa wa manunuzi anasema huyu mteja wetu wa miaka yote, tukimrudisha anapeleka kwa jirani. Uzalishaji wanasema leteni tu tutaanika, stoo wanauliza tutaanika wapi, mhasibu anasema mimi silipi mpaka kuna karatasi imesainiwa, ila hakuna anayejua isainiwe na nani. Dereva kalala chini ya lori, kesho yake anadai hela ya kuchelewashwa, na mwisho anapigiwa mkurugenzi ambaye yuko zake Dar.

Tukakaa tukachora jedwali la majukumu, lile ambalo wengi mnalijua kwa herufi za RACI. Sisi tuliweka herufi zetu: A ni anayeamua na kubeba lawama mambo yakiharibika, F ni anayefanya, U anaulizwa kabla ya uamuzi, J anajulishwa ukishafanyika. Kazi zinashuka kwa mistari, vyeo vinakaa juu, kila kimoja na safu yake. Andika cheo, jina la mtu liache, maana huyo mtu akienda likizo au akihamia zamu ya usiku jedwali lote linakufa.

Sasa wengi wanakwama hapa. Mstari wetu wa kwanza ulisomeka "kupokea alizeti", kila idara ikajipa A, na kwa kweli kila mmoja alikuwa na haki kwa sababu ndani ya hayo maneno mawili kuna maamuzi kama matano hivi. Kwa hiyo mkiona watu wanagombania A msipige kura, pasueni huo mstari. Sisi tuliupasua tukapata kupima unyevu na uchafu, kukubali mzigo ulio ndani ya kiwango, kukubali mzigo uliozidi kiwango, kupanga bei ya siku, na kulipa. Ugomvi ukapungua pale pale, maana minne kati ya hiyo haikuwa na ubishi wowote. Ubora anapima, mzigo ukiwa sawa yeye ndiye anaamua uingie, manunuzi anaamua bei, fedha analipa.

Ukabaki ule wa mzigo uliozidi kiwango, na huo ndio wa kuutolea jasho. Manunuzi aliutaka sana. Tatizo lake anapimwa kwa tani alizoingiza, ukimpa A hapo atakubali hata alizeti inayochuruzika maji. Ubora naye anapimwa kwa kukataa, atakataa kila kitu. Swali lililotusaidia ni hili: mzigo ukiingia ukaharibika, nani atahangaika nao? Ni meneja uzalishaji. Turubai za kuanikia ni zake, vibarua ni wake, na alizeti mbichi ikipata joto stoo ikaota ukungu ni yeye atakayekamua mafuta yenye harufu. Basi A ikaenda kwake. Ubora na manunuzi wakapata U, stoo F, fedha J. Tukamwekea mpaka pia: kutoka 9 mpaka 12 anaamua yeye, ikizidi 12 inarudi na hapo hakuna wa kupigiwa simu. Kitu ambacho kina sheria hakihitaji mwamuzi, kinahitaji mtu wa kusoma kipimo tu.

Na akikubali, maji hayalipiwi. Unachukua uzito, unazidisha kwa 100 toa unyevu uliopimwa, unagawanya kwa 100 toa unyevu wa kiwango. Ile fuso ya kilo 10,000 yenye unyevu 12 inakuwa 10,000 mara 88 gawanya kwa 91, karibu kilo 9,670. Hizo 330 ni maji. Hesabu ikishabandikwa ukutani, manunuzi na dereva hawana cha kujadiliana, maana bei ya kilo haijaguswa.

Kwenye U ndiko mambo yanakochelewa siku hizi, nadhani kuliko hata kwenye A. Kila mtu anataka kuulizwa kwa sababu inaonekana heshima. Mhasibu wetu, mama mtu mzima tunayemheshimu, alikuwa na U karibu kila mstari. Nikamwambia, "Mama, ukiwa na U kwenye mstari huu, lori la saa nane usiku linakusubiri wewe uamke." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, ila hela ikivuka kiwango cha siku nipigieni, hata kama nimelala." Safi kabisa, hiyo ikawa mstari wake mwenyewe na yeye akiwa A, kwingine akabaki J. Wale waliobaki na U tukawapa nusu saa, usipopokea simu mwenye A anaendelea, na huwezi kuja asubuhi kulalamika. Kuulizwa siyo kura ya turufu, hili itabidi mlirudie mara nyingi mpaka mchoke.

Mkiweka jedwali kwenye Excel, ongezeni safu moja mwishoni ya kuhesabu A za kila mstari:

```
=COUNTIF(B2:G2,"A")
```

Jibu lazima liwe 1. Likija 0 hiyo kazi haina mwenyewe, likija 2 mmebakiza ugomvi mlioufunika. Ila mkiandika A/F kwenye kisanduku kimoja haitaihesabu, basi andikeni `"*A*"` badala ya `"A"`.

Kabla hamjaliidhinisha lijaribuni na lori la kweli lililowasumbua msimu uliopita, mnalipitisha mstari kwa mstari mkiuliza hapa angepigiwa nani. Sisi tulivyofanya hivyo tukagundua zamu ya usiku meneja uzalishaji hayupo, tukaongeza mstari wa usiku ambao msimamizi wa zamu ndiye mwenye A, mpaka unyevu wa 10 tu, zaidi ya hapo lori linasubiri asubuhi. Jedwali likishaanza kazi angalieni simu zinazoenda kwa mkurugenzi. Zikirudi kuwa nyingi, aidha kuna mstari haupo au bosi mwenyewe anajibu maswali ambayo A yake ni ya mtu mwingine. Hilo la pili ni gumu kumwambia. Sisi tulikubaliana naye akipigiwa ajibu tu "muulize uzalishaji", na kwa kweli alijitahidi.

Rafiki yangu wa Mtumba, kule Mji wa Serikali, aliniomba hilo jedwali atumie kwenye manunuzi ya ofisi yao. Nikamwambia kaka, huko A hamgawani kikaoni, sheria ya ununuzi wa umma imeshatenganisha mamlaka ya afisa masuuli, bodi ya zabuni, kitengo cha ununuzi na idara tumizi. Kwake jedwali ni la kunakili sheria inavyosema, halafu abaki na mistari midogo ya ndani ya idara, mfano nani anaandaa maelezo ya kitu kinachotakiwa na nani anaulizwa kabla hayajatoka, na hiyo midogo ndiyo inayowakwamisha kila robo mwaka.