Gari likiserereka: usukani uende wapi, mguu ufanye nini

"Wakuu, wanasema gari likiteleza zungusha usukani kule linakoteleza. Si ndiyo nitaingia mtaroni kabisa? Na gari langu lina ABS, bado nipampu breki?"

Mkuu, hilo neno "kule linakoteleza" huwachanganya watu kwa sababu halisemi ni sehemu gani ya gari inayoteleza. Linahusu mkia. Nikueleze kilichonipata.

Nilikuwa na gari la zamani lisilo na ABS, ule mfumo unaozuia matairi yasifungwe na breki. Kona ya kushoto, mvua imetoka kunyesha, mwendo kama kilomita 70 kwa saa. Katikati ya kona nikaona imebana kuliko nilivyodhani, nikaachia mafuta ghafla na kugusa breki. Kosa lilianzia hapo. Ukifanya hivyo uzito wa gari unalalia mbele, matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na tairi jepesi kwenye lami yenye maji halishiki. Nikahisi kiti kinanivuta pembeni, mkia umetoka kwenda kulia na pua inatazama ndani ya kona, kushoto.

Sasa fikiria gari lilivyokaa wakati huo. Pua imegeuka kushoto kupita kiasi, lakini gari zima bado linasafiri kufuata barabara. Ukizungusha usukani kulia, kule mkia ulikoenda, matairi ya mbele yanarudi kutazama barabara. Huelekei mtaroni. Zungusha kwa kiasi cha kuyarudisha huko tu, macho yakiwa mahali unapotaka gari lifike, maana mikono hufuata macho. Na mguu utoke kwenye breki.

Hilo nilifanya, na mkia ukaanza kurudi. Kilichoniangusha ni kusubiri gari linyooke kabisa ndipo nirudishe usukani. Mkia unaporudi unakuja na kasi yake, na ukikuta matairi ya mbele bado yanatazama kulia, unapitiliza kwenda upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Gari lilizunguka na kutoka barabarani kinyumenyume. Sikuumia, lakini somo limenikaa: anza kurudisha usukani mara tu unapohisi mkia umeacha kutoka, kabla haujafika mstarini. Kuserereka kwa pili ndiko kunakoangusha wengi, na watu hawakuzungumzii vya kutosha.

Ikiteleza pua ni habari nyingine. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, unakata kona lakini gari linaendelea mbele. Hamu ya kila mtu ni kuongeza usukani, na haisaidii, kwa sababu tairi lililokwisha kushindwa kushika halitashika kwa kulipinda zaidi. Achia mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, subiri lishike, kisha kata tena.

Tuje kwenye ABS. Tairi lililofungwa na breki linaburuzika tu, na tairi linaloburuzika haligeuzi gari hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Ndiyo maana zamani tulifundishwa kupampu: unakanyaga, tairi likifunga unaachia ili lizunguke, unakanyaga tena. ABS ina vihisio vya kupima mzunguko wa magurudumu. Ikiona moja linataka kufunga, inapunguza presha ya breki na kuirudisha mara kadhaa ndani ya sekunde moja, kasi ambayo mguu wa mtu hauwezi. Ukipampu wewe, unaiondolea breki kila unapoinua mguu. Kwa hiyo kanyaga kwa nguvu zote, shikilia, na endelea kuongoza usukani kukwepa kilicho mbele.

Siku ya kwanza ABS ilipofanya kazi chini ya mguu wangu, pedali ilitetemeka na kugonga kama kitu kimevunjika, nusura niinue mguu. Watu wengi huinua hapo hapo. Tafuta uwanja mtupu uliolowa, usio na mtu wala nguzo, nenda kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka utetemeko uanze, usiuachie mpaka gari lisimame. Rudia mpaka mguu uache kushtuka.

Lakini usiitegemee kwa kila kitu. Kwenye changarawe au mchanga inaweza kukusimamisha mbali zaidi, kwa sababu tairi lililofungwa hukusanya kifusi mbele yake kikalizuia, na ABS hailiachi lifunge. Pia hufanya kazi unapokanyaga breki tu, kwa hiyo ukiingia kona na mwendo mkubwa, mkia utatoka vilevile na ni usukani utakaokuokoa. Na taa ya ABS ikiwaka kwenye dashibodi na kubaki, breki zipo ila ni za kawaida: matairi yatafunga, na hapo kupampu kunarudi kuwa kazi yako mpaka fundi atengeneze.