Nina intaneti nzuri, sina wazo la bidhaa: nianzie wapi?

SWALI: Habari, mtaalamu. Naishi Nyegezi, nina kompyuta na intaneti ya uhakika nyumbani. Naona watu wanauza templeti na mafunzo mtandaoni, lakini kila nikikaa kufikiria bidhaa yangu mwenyewe sipati kitu. Hizo kazi ndogo za mtandaoni nazo zinalipa?

JIBU: Dada, kazi ndogo zipo, ila malipo yake ni kiduchu, na ile inayokutaka utume hela kwanza ndipo upewe kazi, huo ni wizi. Tuiache hapo.

Wazo la templeti halipatikani kwa kukaa kufikiria. Tafuta daftari ambalo mtu analijaza kwa mkono kila wiki na hesabu zake hazimkai sawa. Kwa Mwanza ningeanza na kaunta buku la katibu wa kikundi cha hisa, tuseme cha akina mama wauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Wiki nzima mambo huenda vizuri. Kasheshe huja siku ya mgao.

Chukua mfano. Kikundi kimeuza hisa 1,200 kwa Sh 2,000 kila moja, jumla Sh 2,400,000. Riba na faini zimeleta Sh 360,000. Mfuko ni Sh 2,760,000, kwa hiyo kila hisa sasa ina thamani ya Sh 2,300. Mama mmoja ana hisa 85, stahili yake ni Sh 195,500, lakini bado anadaiwa mkopo wa Sh 50,000. Anaondoka na Sh 145,500.

Makatibu wengi huteleza hapa: wanahesabu hela iliyomo sandukuni tu, yaani Sh 2,710,000, wanaigawa kwa hisa, kisha wanamkata tena yule mama deni lake. Deni limetolewa mara mbili. Kila mtu kapunjwa kidogo, na mwisho wa mgao Sh 50,000 zimebaki sandukuni bila mwenyewe. Ukiona hela inabaki namna hiyo, na ni sawasawa na madeni ya wanachama, ujue kosa ni hilo. Templeti yako ikilizuia, tayari ina mnunuzi.

Itengeneze kwenye Google Sheets. Ukurasa wa kwanza uite Hisa: tarehe safu A, jina safu B, idadi ya hisa safu C. Wa pili uite Mgao: majina safu A kuanzia A2, hisa safu B, deni safu C, malipo safu D. Hela ya sandukuni iandikwe H1, jumla ya madeni H2. Thamani ya hisa, H3:

```
=(H1+H2)/SUM(Hisa!C:C)
```

Hisa za mwanachama, B2, na malipo yake, D2:

```
=SUMIF(Hisa!B:B,A2,Hisa!C:C)
=B2*$H$3-C2
```

Tatizo litakalokusumbua zaidi ni majina. Katibu akiandika jina na kuacha nafasi mwishoni, au akikosea herufi moja, SUMIF haitalihesabu na haitalalamika. Weka orodha ya kuchagua majina badala ya kuyaandika, kisha weka kisanduku kinacholinganisha jumla ya hisa za kurasa zote mbili na kinachogeuka chekundu zikitofautiana. Ruhusu pia wiki yenye hisa sifuri. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa haitoki na hela hupungua, hilo usiligeuze deni.

Kuuza: ruhusu kwanza yeyote mwenye linki aweze kulitazama faili tu, kisha kwenye linki yake futa kuanzia neno edit hadi mwisho, andika copy. Mnunuzi akiifungua ataombwa atengeneze nakala yake, na faili lako halitaguswa. Hakuna kinachomzuia kumpa jirani linki hiyo, kwa hiyo usitegemee bei ya faili peke yake. Mimi ningeuza faili Sh 10,000, na kwa Sh 30,000 ningeingiza majina, kumfundisha katibu kwenye simu yake, na kumtumia kwa WhatsApp video ya dakika tatu niliyorekodi kwenye kioo cha simu. Video hiyohiyo, ikiwa na majina ya kubuni, ndiyo tangazo lako kwa vikundi vya Igoma na Buhongwa. Majina na madeni ya kikundi halisi yasionekane humo hata kidogo, maana habari za nani anadaiwa zikivuja hakuna kikundi kingine kitakachokufungulia daftari.

Kabla ya kuuza, omba daftari la mzunguko uliokwisha, jaza templeti yako kwa takwimu zake, na ulinganishe na walichogawana.